Usiache saa ya babako nyumbani kwa sababu ya mkufu wa dhahabu

KUNA amri moja ya mavazi ambayo umeambiwa tangu uanze kujipamba: chagua moja, dhahabu au fedha. Ukivaa saa nyeupe, basi pete, mkufu, herini na hata chuma cha mshipi viwe vyeupe. Ukichanganya, umevaa kama mtu aliyeazima vitu kwa marafiki watatu.

Mimi nasema amri hiyo tuiache. Inawanufaisha wauza seti za kung'aa kwenye eksibishoni za tao, na inakufanya uweke kwenye droo vitu vizuri ulivyo navyo. Lakini sitakudanganya eti changanya tu vyovyote vile. Kuna namna ya kuchanganya ikakubali, na kuna namna ya kuchanganya ukaonekana umechanganyikiwa. Twende polepole.

Nikuambie nilikotoka. Mama alinipa mkufu mwembamba wa dhahabu alioununua Eastleigh zamani, alipokuwa na duka. Baba alipoaga, mimi nikabaki na saa yake, Seiko 5 ya chuma cha pua, ile inayoonyesha siku na tarehe kwenye kidirisha kidogo upande wa kulia. Hivyo viwili ndivyo vitu vya thamani nilivyo navyo. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo hata cheti sina cha kutundika ukutani.

Mara ya kwanza nilipoitwa mahojiano ya kazi Westlands, nilifuata ile amri. Nikasema mkufu ni wa dhahabu, basi saa ya baba ikae. Nikaingia kwenye kibanda fulani tao, nikanunua saa ya rangi ya dhahabu kwa mia nane. Kwa macho ilipendeza. Baada ya wiki mbili mkono wangu ulikuwa na mstari wa kijani, na kwenye kona za mkanda wa ile saa rangi ilikuwa imechubuka, weupe unachungulia. Yaani nililipa mia nane ili nisichanganye dhahabu na fedha, na saa yenyewe ikajichanganya bila ruhusa yangu.

Ule ukijani si uchawi wala si damu yako mbaya. Vitu vya bei hiyo mara nyingi huwa ni shaba au mchanganyiko wake, kisha vikachovywa rangi ya dhahabu kwa utando mwembamba mno. Jasho, sabuni na kusuguana na mkono wa shati hula ule utando. Shaba iliyo chini ikikutana na jasho inatoa chumvi ya kijani, inayobaki kwenye ngozi. Inaoshwa kwa sabuni na kuisha. Ila ukianza kuwashwa na kutoka vipele, hiyo ni habari nyingine. Mara nyingi ni nikeli iliyomo ndani, na hapo dawa ni kuvua kabisa.

Sasa turudi kwenye kuchanganya. Kwanza jiulize, kwa nini vitu vinagongana? Wengi wanadhani ni kwa sababu njano na nyeupe hazipatani. Si kweli. Angalia bangili zile za kusokotwa zinazouzwa Maasai Market, nyaya tatu zimepindwa pamoja kama kamba: moja nyekundu ya shaba, moja ya njano ya brasi, moja nyeupe. Hakuna anayeivaa akaambiwa imegongana. Watu wa pesa nyingi nao wamelijua hili kitambo. Cartier walitoa pete yao ya Trinity mwaka wa 1924, mviringo mitatu iliyoshikana: dhahabu nyeupe, ya njano na ya waridi. Rolex nao walisajili jina Rolesor mwaka wa 1933, na maana yake ni dhahabu na chuma kwenye saa moja. Hiyo ni karibu miaka 100 ya kuchanganya, na bado kuna mtu kwenye mathree ya Kangemi anakuangalia mkono kwa mshangao.

Kinachogonga ni vitu viwili. Cha kwanza ni upweke. Ukiwa na vitu vinne vya njano na kimoja tu cheupe, jicho la mtu linakiona kile kimoja kama kosa. Linadhani ulisahau kukivua. Kikipata mwenzake mahali pengine mwilini, hata mdogo, jicho linabadilisha hukumu: kumbe ni makusudi. Ukikumbuka jambo moja tu kutoka hapa, kumbuka hilo. Rangi ya pili isitokee mara moja. Itokee mara mbili au zaidi, na isikae mahali pamoja.

Cha pili ni mng'aro. Kuna chuma kinachong'aa kama kioo, na kuna kilichosuguliwa kikawa na mistari midogo, hakirudishi mwanga sana. Kuna fedha iliyofanywa nyeusi kwenye michoro yake, na kuna ile nyeupe pe. Ukiweka saa iliyofifia kando ya bangili inayomulika kama taa ya bodaboda, zitagombana hata kama zote ni nyeupe. Ndiyo maana utamkuta mtu amevaa fedha tupu na bado kuna kitu hakikubali.

Halafu kuna siri ambayo wengi hawaisemi: dhahabu hugombana na dhahabu kuliko inavyogombana na fedha. Dhahabu safi ya karati 24 ni njano iliyokolea. Ile ya karati 18 ina dhahabu robo tatu, na robo iliyobaki ndiyo inayoamua sura. Shaba ikizidi inaenda kwenye waridi, fedha ikizidi inapauka. Brasi nayo ni njano yenye kijani kwa mbali, na ikikaa inafanya hudhurungi. Weka mkufu wa dhahabu halisi karibu na herini zilizochovywa njano kali, uone moja inavyoifanya nyingine ionekane bandia. Lakini weka mkufu huohuo karibu na chuma cheupe, na kila kimoja kinatulia, kwa sababu hakuna anayejaribu kuwa mwenzake. Kwa hivyo ukiwa na dhahabu kidogo ya kweli na huna doo ya kuongeza nyingine inayofanana nayo, kuiongezea fedha ni salama kuliko kuiongezea njano ya bandia.

Basi mbona nikasema saa? Kwa sababu saa ndiyo chuma kikubwa zaidi kwa watu wengi, na ndiyo isiyobadilika. Pete unazo tano, herini unazo kumi, saa unayo moja. Anza nayo. Rangi ya saa ndiyo iongoze, vingine vifuate. Ukianza na herini, saa itakuja mwishoni kama mgeni ambaye hakualikwa.

Acha nikuonyeshe kwa mfano, na mfano ni mimi. Binamu yangu alikuwa na ruracio Uthiru. Nilikuwa na gauni refu la kijani kilichokolea, blezi nyeusi ya mitumba kutoka Toi, na mkoba mweusi wenye zipu ya njano. Safari hii niliapa kwamba saa ya baba inaenda, na mkufu wa mama unaenda.

Shida ya kwanza haikuwa rangi, ilikuwa kipimo. Saa ya baba ilikuwa inateleza hadi karibu na kiwiko. Nikaipeleka kwa fundi wa saa kule River Road, mzee wa kiti kidogo na kioo cha jicho. Nikamsalimia, nikamwambia, "Mzee, naomba uipunguze kidogo."

Akaitazama, akanitazama. "Hii ni ya nani?"

"Ya baba."

"Basi hatukati ovyo," akasema.

Akatoa vipande vinne vya mkanda kwa kusukuma pini ndogo, viwili upande huu na viwili upande ule. Ukitoa vyote upande mmoja, kifungo kinaenda pembeni mwa mkono na saa inakaa imepinda siku nzima. Akanirudishia vile vipande kwenye karatasi na kuniambia nivihifadhi. Fanya hivyo nawe, kwa sababu mkono hunenepa, na ukipoteza vipande vya mkanda wa zamani kuvipata tena ni kazi. Akanilipisha mia mbili. Kipimo sahihi ni kidole chako kidogo kiingie kati ya mkanda na mkono, na saa isipite mfupa wa kifundo kuelekea kiganjani.

Nikarudi nyumbani, nikavaa kila kitu nilichopenda, nikasimama mbele ya kioo na kuhesabu. Njano: mkufu wa mama, bangili pana ya brasi niliyonunua kwa mafundi wa Kibera, chuma cha mshipi, zipu ya mkoba. Nne. Nyeupe: saa peke yake. Hapo nikaelewa kwa nini watu husema fedha na dhahabu hazipatani. Saa ya baba ilionekana kama kitu nilichookota njiani.

Akili ya haraka ilisema vua saa. Nikaikatalia. Badala yake nikauliza: nani kiongozi? Saa ni ya mwanaume, ni kubwa, iko mkononi ambapo kila mtu anayenisalimia ataiona. Basi fedha ndiyo iongoze na dhahabu isindikize. Uamuzi huo ukishafanyika, yaliyobaki ni hesabu.

Nikaitafutia saa wenzake. Nikavaa herini ndogo nyeupe za kubana sikioni, na pete moja nyembamba ya fedha. Pete nikaiweka mkono wa kulia, kwa sababu saa iko kushoto. Ningeiweka mkono uleule, weupe wote ungerundikana upande mmoja na kulia kungebaki njano tupu, kama timu mbili uwanjani. Sasa nyeupe ziko tatu, zimetawanyika: sikio, mkono huu, mkono ule.

Kisha nikapunguza njano. Mshipi wenye chuma cha njano nikaubadilisha na wa kitambaa wa kufunga fundo. Ile bangili pana ya Kibera, hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Naipenda. Mafundi wale huyeyusha mabomba ya maji, makufuli na vitu vya brasi vilivyokwisha kazi, wakamimina kwenye vifinyango na kuvisugua hadi ving'ae. Lakini bangili pana kama ile ni kiongozi, si msindikizaji. Ukiiweka pamoja na saa kubwa ni kama kuwa na emsii wawili kwenye sherehe moja. Ikabaki mezani. Siku nyingine itaongoza yenyewe, na saa ipumzike.

Mwisho, daraja. Daraja ni kitu kimoja chenye rangi zote mbili ndani yake, na kazi yake ni kumwambia mtazamaji kwamba hizi mbili zinajuana. Mimi nilitumia bangili ya kusokotwa ya nyaya tatu. Nikaivaa mkono wa saa, juu ya saa kuelekea kiwiko, nikaacha nafasi ya vidole viwili. Bangili hizo ziko wazi upande mmoja, kwa hivyo unaibana kidogo mpaka ishike mkono isishuke. Usiiache ilegee ikigongana na saa. Chuma cha saa ni kigumu kuliko shaba na brasi, kwa hivyo bangili ndiyo itachanika zaidi. Lakini kugongwagongwa kila siku si kuzuri kwa saa nayo.

Jumla: nyeupe tatu, njano mbili, yaani mkufu na zipu ya mkoba, na daraja moja. Hiyo ndiyo hesabu ninayoipenda, moja iwe kama theluthi mbili na nyingine theluthi moja. Nusu kwa nusu ni ngumu, kwa sababu jicho halijui lianze wapi. Na usihesabu idadi pekee, hesabu pia ukubwa. Saa moja kubwa inaweza kuwa sawa na pete tatu.

Kabla sijatoka nilifanya majaribio mawili, nawe yafanye. La kwanza, simama karibu na dirisha. Balbu ya njano hugeuza kila cheupe kuwa njano kidogo, kwa hivyo chumbani unaweza kuona vitu vinapatana, kisha ukashuka kwenye jua la Waiyaki Way na kila kitu kikajitenga. La pili, jipige picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Picha ikiwa haina rangi, njano na fedha hufanana. Kama bado kuna kitu kimoja kinachokuvuta jicho, basi shida yake si rangi. Ni kikubwa mno au kinang'aa mno. Kwangu zilikuwa zile herini za kwanza nilizojaribu, zenye vioo vidogo. Nikazibadilisha na zisizong'aa sana, ikaisha.

Wewe kijana wa kiume, usiseme haya ni mambo ya kina dada. Hesabu yako ni fupi lakini ni ileile: saa, chuma cha mshipi, fremu ya miwani, pete, cheni. Ukiwa na Casio ya rangi ya dhahabu na pete ya fedha, pete iko mpweke. Badilisha mshipi wako uwe wenye chuma cheupe na tatizo limekwisha. Kama huna mshipi mwingine, acha shati likae nje. Chuma kisichoonekana hakihesabiwi.

Na kama saa yako ni ya mkanda wa ngozi, una bahati. Ngozi ya kahawia au nyeusi haina upande. Inafanya saa nyeupe isiwe na weupe mwingi, kwa hivyo ni rahisi kuizungushia dhahabu. Ukibadilisha mkanda, mwambie fundi apime nafasi kati ya zile pembe mbili za saa, mara nyingi ni milimita 18, 20 au 22. Na angalia kile chuma kidogo cha kufungia. Kiwe rangi moja na saa yenyewe. Nimeona saa nyingi zilizoharibiwa na kifungo cha njano kwenye saa nyeupe. Mifupa na pembe za ng'ombe zinazochongwa Kibera hufanya kazi hiyohiyo ya ngozi. Bangili ya mfupa kati ya dhahabu na fedha hutuliza ugomvi.

Kuna mipaka pia. Kitu kilichochubuka hakichanganywi, kinapumzishwa au kinapelekwa kwa sonara. Usije ukamwambia mtu huo ni mtindo. Rangi tatu zinawezekana, lakini ile ya tatu iwe ndani ya daraja tu. Dhahabu ya waridi ikisimama peke yake katikati ya njano na nyeupe inataka mkono wenye uzoefu, na mimi bado sina. Na kama nguo yenyewe ina vifungo vya chuma, vihesabu kwanza kabla ya saa. Blezi yenye vifungo sita vya njano tayari imechagua kiongozi bila kukuuliza.

Uthiru nilifika saa tano. Shangazi, dada ya baba, alinishika mkono kunisalimia na hakuuachilia. Aliigeuza saa, akatazama siku kwenye kile kidirisha, halafu akatazama mkufu shingoni. Anaujua, alikuwa na mama siku ile Eastleigh. Hakusema lolote kuhusu dhahabu wala fedha. Alisema, "Umekuja nao wote."

Kesho asubuhi, kabla hujaingia eksibishoni kutafuta seti, mwaga ulivyo navyo kitandani. Weka saa katikati. Tenga njano huku, nyeupe kule, kisha umtafutie mpweke mwenzake.